Jumatatu Niliyoifuta kwenye Programu

Ukitaka kunikasirisha, niambie kwamba kupanga programu ya ankete, ile ratiba ya siku, ni kazi ya mutu wa kukaa kwenye kiti. Njoo basi, kaa wewe. Nikupe karte, ramani ya Rutshuru, na vijiji sita vilivyotawanyika kama maharage yaliyomwagika, gari moja, vijana wanne wa kuuliza maswali, shofere Muadventista asiyeshika usukani Jumamosi hata umubembeleze vipi, na majira ya mvua juu yake. Panga. Halafu tutaongea.

Mimi nilikuwa mukubwa wa ekipe ile ya vijana wanne na shofere. Ankete, kwa asiyejua, ni kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu: muko wangapi, jana mulikula nini, shamba liko wapi, na kuwapima watoto mukono kwa ule utepe wenye kijani cha salama, manjano ya wasiwasi na nyekundu ya hatari. Majibu yanashuka Goma, na huko wakubwa wanaamua kijiji gani kitaletewa unga na mbegu, na kijiji gani kitasubiri. Vita ilikuwa imewasukuma watu huku na kule kwa muda murefu sana, na hakuna aliyejua tena nani analala wapi. Ndiyo maana tulitumwa.

Programu nilikuwa naichora mwenyewe kwa kalamu za rangi, kwenye karatasi kubwa, ukutani mwa biro, ofisi yetu ya Katoyi kule Goma. Buluu ilikuwa siku ya safari, kijani siku ya kazi, manjano ya kupumzika, nyekundu ya kurudilia. Vijana nilikuwa nawafundisha kwa ukali. Siku ya safari haichanganywi na kazi, kwa sababu mutu aliyetikiswa kwenye mawe tangu asubuhi anauliza maswali kama polisi. Kila baada ya siku sita, siku moja ya kupumzika, kwa sababu mutu aliyechoka haulizi tena, anakaa chini ya mugomba na kujijazia majibu kwa kichwa chake. Nilishamushika mumoja akifanya hivyo, na alirudi Goma kwa moto, pikipiki ya kukodi, siku ileile.

Ile nyekundu, siku ya kurudilia, ilikuwa kwa ajili ya nyumba zilizokutwa zimefungwa. Nyumba za kuuliza zinachaguliwa kwa kura, na iliyotoka huwezi kuibadilisha na ya jirani eti kwa sababu jirani yuko. Unaipigia hodi mara tatu, kwa saa tofauti. Usipopata mutu mara zote tatu, unaandika "hawako" na unaendelea. Nyumba ikiandikwa "hawako", kwa wakubwa wa Goma ni kama haina tumbo la njaa ndani yake.

Safari ile ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya wiki mbili, na nilijisifu nayo kupita kiasi. Jumamosi zote niliziweka kwenye vijiji vya kufikiwa kwa miguu kutoka pale gari lilipolala, ili shofere asali sabato yake bila sisi kupoteza siku. Jumapili zote zilikuwa manjano, ili wengine waende misa na miguu ipoe. Wakubwa wakasema ni programu nzuri kuliko zote. Nilivimba kichwa, nisikufiche.

Kijiji cha mwisho kilikuwa mulimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kalengera. Sisi tulilala Kalengera, kando ya barabara kubwa, kwenye vyumba viwili tulivyopewa na parokia. Ijumaa na Jumamosi tupande kufanya kazi. Jumapili tupumzike. Jumatatu turudilie nyumba zilizofungwa. Jumanne tushuke Goma. Ndivyo ilivyokuwa ukutani.

Ijumaa tukapanda. Muzee wa kijiji alitupokea mbele ya kanisa lao la mbao, mutu mwembamba, koti lake limefungwa kwa kamba ya mugomba kwa sababu vifungo vilishakwisha. Alitutajia nyumba zake zote bila karatasi, moja baada ya nyingine, na mimi nikaandika. Tukapiga kura, zikatoka nyumba kumi na mbili. Tulipozunguka tukakuta nne tu zenye watu, wazee na wagonjwa. Nyumba nane zilikuwa zimefungwa. Jumamosi asubuhi tukapiga hodi tena, hakuna mutu. Jumamosi saa tisa, mara ya tatu, hakuna mutu. Na saa kumi na moja lazima tuwe tumeshafika chini barabarani, hiyo ilikuwa sheria ya usalama na haikuwa na mazungumzo.

Nikamuuliza muzee kwa hasira, maana mimi hasira iko karibu:

"Muzee, watu wako wako ao hawako?"

"Wako, papa. Lakini siku za kazi hawalali huku. Wenye bunduki wanapita kutafuta watu wa kubeba mizigo yao. Sasa vijana na wanawake wanakaa juu kabisa, mashambani, kwenye vibanda. Siku ya Mungu ndiyo wanashuka kusali. Hata wenye bunduki, siku ya Mungu hawakamate mutu." Akacheka kidogo. "Mujue na wao wana mama zao. Rudini kesho, mutawakuta wote."

"Kesho ni siku yetu ya kupumzika."

Alinitazama kama mutu anayetafuta kuelewa lugha mupya. Kisha akauliza kama hakuna siku nyingine. Nikamuambia tusipowapata kabisa tutaandika "hawako", nikafungua nakala yangu ya programu, nikamuonyesha kwa kidole ile nyekundu. Jumatatu.

"Jumatatu ni siku mbaya," akasema. "Jumatatu wanapita sana. Watu wangu wanaondoka kabla jogoo hajawika."

"Basi, muzee, mimi nifanyeje?"

Halafu akaniambia habari ya kijana wake wa mwisho, mwenye mutoto wa mwaka mumoja. Yule mutoto miguu ilikuwa imeanza kuvimba na nywele kubadilika rangi. Muzee alikuwa amesikia kwamba sisi tukipima mukono na kuona nyekundu, tunatoa karatasi ya kumupeleka mutoto kwenye kituo cha afya, na pale anapewa dawa ya kula. Nikamuambia ni kweli.

"Kama munakuja kweli Jumatatu, kesho kanisani nitawaomba wote wabaki. Mimi wakinisikia, wanabaki. Lakini munakuja kweli?"

"Tunakuja, muzee. Saa mbili ya asubuhi tuko hapa."

Nikamupa mukono. Akaushika kwa mikono yake miwili.

Ahadi ni deni, tunasema kila siku, tunasema mupaka neno limechakaa. Nilishuka mulima ule huku nafikiria sahani ya fufu.

Saa moja ya jioni simu ikalia. Ni mukubwa wetu wa Goma. Habari za barabara si nzuri, akasema, kuna maneno upande wa kaskazini, Jumatatu saa tatu ya asubuhi magari yote yanashuka pamoja kwa musafara, na gari letu lazima liwe ndani. Hakuna Jumanne tena. "Siku moja lazima ife," akasema. "Gani ife, wewe ndiye unajua programu yako."

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa watu wananitetea na mimi sitaki kutetewa. Nilikuwa na siku mbili tu mbele yangu, Jumapili ya manjano na kazi ya Jumatatu. Ningeweza kusema: vijana, samahani, kesho hatupumziki, tunapanda, kesho ndiyo siku ya kurudilia. Na kesho ndiyo siku ambayo muzee mwenyewe alisema watu wote watakuwepo. Haikuhitaji akili nyingi.

Lakini tulikuwa tumetembea siku sita mufululizo. Binti mumoja katika ekipe yangu, wa mutaa wa Ndosho kule Goma, mwenye kusema kidogo na kuandika vizuri kuliko wote, malengelenge yake yalikuwa yamepasuka hata soksi ikashikamana na ngozi. Wengine walishafua nguo za misa, zilikuwa zinaning'inia uani. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, nilitaka kulala mupaka jua linichome usoni. Nikajiambia: mara tatu tumepiga hodi, kwa saa tofauti, kwa siku mbili. Kwenye karatasi hakuna kosa. Nikachukua kifutio, kwenye nakala yangu nikafuta Jumatatu ya kurudilia, juu yake nikapaka buluu, siku ya safari. Jumapili nikaiacha manjano kama ilivyokuwa.

Nikawaambia vijana. Walifurahi, nani asingefurahi? Yule binti peke yake, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi, akainua kichwa.

"Shefu, na muzee je?"

"Muzee amefanya nini?"

"Ulimuambia Jumatatu. Atawabakiza watu."

Kule juu hakukuwa na rezo, simu haikufika. Nilijua. Akasema kesho asubuhi apande yeye, amuambie muzee, ashuke. Nikamukatalia: hakuna mutu wa ekipe anayetembea peke yake, na kwa miguu ile angefika lini? Akasema basi tutafute mutu wa hapa Kalengera, tumutume na karatasi.

Nakumbuka nilikuwa natafuna. Nilimujibu na chakula kinywani: "Nani atapanda saa mbili kwa ajili ya karatasi? Wakiona hatuji, wataenda mashambani mwao. Ni watu wazima."

Akaniangalia, akarudisha macho kwenye beseni. Mara nyingi nimetamani angenitukana.

Jumapili ilikuwa nzuri. Hilo linaniuma kuliko mengine, ilikuwa nzuri kweli. Tulienda misa, tukala ndizi na maharage, shofere akaosha gari, mimi nikalala muchana na kuamka na alama ya mukeka shavuni, vijana wakanicheka. Jumatatu saa tatu kamili musafara ukaanza. Nilimuona yule binti amegeuza shingo, anatazama mulima mupaka kona ikauficha. Nikamuambia afunge dirisha, vumbi linaingia.

Goma nilitoa ripoti yangu. Nyumba kumi na mbili, nne zimejibu, nane hawako. Mutu wa kompyuta akaniuliza kama kijiji kimehamwa. Nikasema watu wanalala mashambani. Akaniambia kwenye orodha yake hakuna mahali pa kuandika hivyo, kuna "wako" na kuna "hawako". Nikamuacha aandike. Mbegu na unga zilipopelekwa upande ule, zilipita barabarani zikaendelea, na mulimani hakuna gunia lililopanda. Yule binti alimaliza mukataba wake na hakuomba mwingine. Nilisikia amefungua kibanda cha kushona Ndosho.

Halafu vita ikashuka yenyewe. Barabara ya kaskazini ikafungwa, na watu wakaanza kuingia Goma kwa miguu, magodoro kichwani, kuku kwenye vikapu, wazee kwenye chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Walijenga vibanda vya shitingi, maturubai ya plastiki, juu ya mawe meusi magharibi mwa muji, kimoja kimeegemea kingine, mupaka huwezi kujua cha nani kinaishia wapi. Na sisi watu wa maswali tukapata kazi tena. Safari hii programu haikuhitaji rangi ya buluu, hakukuwa na safari. Vijiji vyote vilikuwa vimekuja kwetu.

Asubuhi moja nilikuwa napita kati ya vibanda na fomu zangu, mumoja wa vijana alikuwa na homa, kwa hiyo nilikuwa nauliza mimi mwenyewe. Muzee mumoja alikuwa ameketi juu ya bido, dumu la maji. Koti lake lilikuwa limefungwa kwa kamba. Kabla sijageuza uso, na nisikufiche, nilitaka kuugeuza, alikuwa ameshasimama.

"Papa wa maswali!"

Akanishika mukono kwa mikono yake miwili, kama siku ile. Macho yake yalijaa maji, na alikuwa anacheka.

"Kumbe uko muzima. Mungu ni mukubwa. Na yule binti wa miguu? Yuko?"

"Yuko, muzee. Yuko Ndosho."

"Aksanti Mungu. Tulihangaika sana juu yenu."

Sikuelewa, au labda nilielewa na sikutaka. Akanivuta nikae juu ya jiwe, akanisimulia pole pole, bila uchungu, kama mutu anayesimulia safari ya zamani.

Jumapili ile alitangaza kanisani kama alivyosema. Watu walinung'unika, Jumatatu kila mutu aliiogopa. Akawaambia wageni wamemupa mukono, na watoto watapimwa. Wakabaki wote. Alfajiri wanawake waliwaogesha watoto, wakatoa mabenchi ya kanisa nje, wakayapanga kwa mustari ili sisi tusisumbuke kuzunguka. Saa mbili ikafika. Saa tatu. Wengine wakataka kuondoka.

"Mimi nikakatalia," akasema. "Nikawaambia tungojee kidogo, yule binti alikuwa na vidonda, wanatembea pole pole kwa ajili yake."

Saa tano wakafika wengine, wenye bunduki. Walikuta watu wazima kwa vijana wameketi kwa mustari kwenye mabenchi. Hawakuhitaji hata kutafuta. Walichagua vijana saba, wakawabebesha mizigo yao, wakaenda. Sita walirudi baada ya siku kadhaa, mabega yamechubuka. Yule wa saba alikuwa kijana wake wa mwisho.

"Basi tukasema, kama wetu wamechukuliwa, na wale wa maswali watakuwa wamekutana na haohao njiani. Ndiyo maana hawakufika. Jumapili iliyofuata tukawaombea. Kijana wangu na ninyi, pamoja. Kila Jumapili, mupaka tulipokimbia." Akakaza mukono wangu. "Sasa niambie. Mulipata nini njiani?"

Nilikuwa na uongo muzuri tayari kinywani, na nusu yake ilikuwa kweli. Kulikuwa na simu. Kulikuwa na musafara. Barabara ilikuwa mbaya. Ningesema hivyo angenipa pole, na tungeachana marafiki. Lakini mutu ameniombea kila Jumapili. Nilishindwa.

"Muzee, hatukupata kitu. Waliniambia nifute siku moja. Nikafuta yenu, nikabakiza yetu ya kupumzika."

Akafikiri.

"Jumapili ile mulikuwa wapi?"

"Kalengera."

"Kalengera hapo chini?"

"Ndiyo, muzee."

"Na hakukuwa na mutu wa kutuma?"

"Walikuwepo. Sikutuma."

Hakunitukana. Hakuinua sauti. Aliendelea kunishika mukono, lakini vidole vyake vililegea kimoja kimoja, bila yeye kujua nadhani, mupaka mukono wangu ukabaki peke yake juu ya goti lake, na mimi nikauondoa. Nilitaka kuomba musamaha, nikaona maneno yote niliyo nayo ni madogo, nikayasema hata hivyo. Akatikisa kichwa, si kukubali, si kukataa.

Kisha akaita ndani ya shitingi, kwa Kinyarwanda, na mwanamuke kijana akatoka na mutoto. Alikuwa amekua kidogo, ana macho makubwa, miguu haikuvimba tena.

"Umupime," muzee akasema. "Siku ile hakupimwa."

Nikatoa utepe. Nikapima, nikarudia mara mbili. Manjano. Nikaandika manjano. Fomu ikaendelea na maswali yake, na mimi nikayauliza, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu wote wawili walikuwa wanangoja. Jina la mutoto. Umri. Analishwa nini. Swali la saba linauliza habari ya baba wa mutoto: yuko, hayuko, amekufa.

Kalamu yangu ikasimama hapo. Yule mwanamuke akatazama chini. Muzee akaegemea mbele, akaiangalia karatasi ingawa hakujua kusoma, akaweka kidole chake pale kalamu yangu ilipokuwa.

"Andika hayuko," akasema. "Ninyi munajua kuliandika."

Nikaandika.